Tagi za vichwa vya barua pepe: FANYA, UJUE na saa ya mwisho, kwa timu nzima

Chukua ofisi ya wakala wa forodha yenye watu tisa: watano Kampala, wawili Malaba mpakani, wawili Mombasa bandarini. Kontena moja likitoka melini hadi ghala la Kampala, barua pepe hufuatana: bili ya shehena, ankara, orodha ya vifurushi, tamko la forodha, namba ya malipo, namba ya lori, simu ya dereva. Nyingi huja na kichwa kilekile, "Faili 0417", na `Re:` mbele yake. Ndani ya rundo hilo imo moja inayomtaka mhasibu alipe ushuru kabla ya Ijumaa jioni. Tangu 2014, kwa utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa mzigo unaokuja Uganda hulipwa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, mzigo ukiwa bado Mombasa. Mhasibu akiifungua barua hiyo Jumatatu, kontena limekaa bandarini siku tatu zaidi, na bandari huhesabu kila siku.

Mwongozo huu unahusu jambo moja: maneno machache yanayowekwa mwanzoni mwa kichwa ili barua ya namna hiyo isipite. Mifano ni ya ofisi hiyo ya forodha, na hatua ni zilezile kwa shule, zahanati au shirika.

Tagi ni mbili, na tarehe ni mkia wa moja

Timu nyingi huanza na orodha ndefu: la kufanya, la kujua, la kuamua, la haraka, la muhimu, tarehe ya mwisho, kikumbusho. Baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka tofauti ya "haraka" na "muhimu", na kila mtu anaandika anavyojisikia. Zipunguzeni hadi mbili. Ya kwanza inasema "kuna kazi ya kufanya". Ya pili inasema "soma tu, huna la kufanya".

Tarehe ya mwisho isiwe tagi ya tatu. Tarehe bila kazi haina maana, na kazi bila tarehe huahirishwa. Kwa hiyo iungeni na tagi ya kazi, ndani ya mabano yaleyale:

```
[FANYA 12 Juni 16:00] Mhasibu: lipa ushuru faili 0417
[UJUE] Faili 0417: meli imetia nanga Mombasa
```

Kichwa cha kwanza kina vitu vinne kwa mpangilio usiobadilika: tagi, muda wa mwisho, mtendaji, kisha kitenzi na kitu chake. Kina herufi 53 pamoja na nafasi. Simu ikishikwa wima huonyesha takriban herufi 30 hadi 40 za kichwa kwenye orodha ya barua, na zinazobaki hukatwa. Ndiyo maana mtendaji anatangulia na namba ya faili iko mwisho. Hata kichwa kikikatwa baada ya neno "Mhasibu", mwenye kazi amejijua na saa ameiona. Kikianza na "Faili 0417 kuhusu malipo ya ushuru", kinachokatwa ni hasa kile kilichotakiwa kuonekana.

Mtendaji awe mmoja. "Wote: tafadhali shughulikieni" maana yake hakuna atakayeshughulikia, kwa sababu kila mmoja anaamini mwenzake ameanza. Kazi ikihitaji watu wawili, andika barua mbili. Na kama ofisi ina wahasibu wawili, weka jina badala ya cheo.

Kuchagua neno la tagi

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa hujitokeza mwezi mmoja baadaye. Neno zuri la tagi ni lile ambalo haliingii kwenye vichwa vya kawaida vya barua zenu, kwa sababu kompyuta itatakiwa kulitafuta.

Wazo la kwanza huwa ni TENDA. Neno fupi, lina amri ndani yake. Lakini katika biashara za Uganda na Kenya "tenda" ni zabuni pia. Ofisi inayopokea barua zenye vichwa kama "Tenda ya usafirishaji wa mbolea" itakuta zabuni zote zimechanganyika na kazi za leo. HATUA nayo imo katika "hatua za utoaji mzigo". TAARIFA ndiyo mbaya kuliko zote, maana nusu ya barua za ofisini huitwa taarifa ya hiki au kile.

FANYA na UJUE zinafaa kwa sababu ni nadra mtu kuzitumia peke yake kwenye kichwa. Mnaweza kuchagua nyingine, ila zijaribuni kwanza: fungua sanduku la barua la mtu aliyekaa ofisini muda mrefu, andika neno kwenye kisanduku cha kutafuta, uone linaleta nini.

```
subject:tenda
subject:fanya
```

Likileta barua za zamani zaidi ya tano au sita, tafuteni lingine.

Kuna suala la lugha pia. Kazi nyingi za ofisi Uganda huandikwa kwa Kiingereza, na timu yenye watu wa Kampala, Malaba na Mombasa huchanganya. Mwili wa barua unaweza kuwa kwa lugha yoyote mnayoelewana. Tagi iwe ya lugha moja tu, daima. Mmoja akiandika `FANYA`, mwingine `ACTION`, wa tatu `Action req`, basi kichujio, yaani kanuni inayoiambia programu ya barua ipange zenye neno fulani, kilichowekwa kwa neno la kwanza hakitaona mengine mawili, na mwenye kichujio hatajua kama kuna alichokikosa.

Mabano ya mraba yana kazi yake. Yanaonekana haraka kwa jicho, na yanaepusha tatizo la nukta pacha. Outlook huchukulia herufi moja hadi tatu zinazofuatwa na nukta pacha na nafasi mwanzoni mwa kichwa kama kiambishi cha kujibu au kutuma mbele, sawa na `Re:` au `Fw:`. Kwa hiyo tagi kama `FYI:` inaweza kuhesabiwa si sehemu ya kichwa, ikatoweka mtu anapojibu. Iliyo ndani ya mabano inabaki.

Saa na tarehe ziandikwe hivi, si vingine

Mtu anaandika "kabla ya saa 4". Aliyezoea saa za Kiswahili anasoma saa nne, yaani 10:00 asubuhi. Mwenzake anayefikiri kwa saa za Kiingereza anasoma 16:00. Wote wawili wako sahihi, na wamepishana saa sita. Waganda nao huhesabu saa kama sisi, kuanzia machweo na mapambazuko, kwa hiyo mchanganyiko uko ndani ya ofisi ya Kampala yenyewe, si kati ya Kampala na Mombasa tu. Dawa ni mfumo wa saa 24 wenye tarakimu nne: `16:00`. Hakuna anayesoma 16:00 akadhani ni asubuhi. Kwa saa za asubuhi kabla ya 10:00 andika sifuri mbele, `09:00`, ili ionekane ni mfumo huo huo. Kampala na Mombasa ziko kwenye saa moja, kwa hiyo hakuna haja ya kuandika eneo la saa.

Jina la siku lisitegemewe peke yake. Kwa Kiganda Ijumaa ni Lwakutaano, siku ya tano. Kwa Kiswahili siku yenye "tano" ndani yake ni Jumatano. Mtu wa Kampala ambaye Kiswahili chake si cha kila siku anaweza kusoma Jumatano akilini mwake ikaja Ijumaa, na hapo mmepoteza siku mbili. Andika tarehe. Na mwezi uandikwe kwa herufi: `12 Juni`, si 12/06, maana kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani imemzoesha mwenyewe kusoma 12/06 kama tarehe 6 Desemba.

Kabla ya kuweka tarehe, tazama sikukuu za pande zote mbili. Uganda hupumzika tarehe 3 Juni kwa ajili ya Mashahidi na tarehe 9 Juni kwa ajili ya Mashujaa. Kenya ina Madaraka tarehe 1 Juni, na Siku yake ya Mashujaa ni tarehe 20 Oktoba. Jina moja, miezi miwili tofauti. Aliye Mombasa akiandika `[FANYA 9 Juni 16:00]` kwa mhasibu wa Kampala, ameweka muda wa mwisho siku ambayo ofisi imefungwa, na hataona kosa kwa sababu kwake ni siku ya kazi.

Saa ya mwisho pia iwe ya kweli. Kama malipo yanatakiwa yawe yamefika saa kumi jioni, na benki inahitaji muda kuyapitisha, andika saa ambayo mhasibu anatakiwa awe amemaliza upande wake. Watu wakigundua kwamba tarehe zako zina siku mbili za siri mbele yake, wataacha kuziamini zote. Na kazi ikiwa imebakiza chini ya saa tatu, usitegemee tagi: piga simu au tuma ujumbe wa WhatsApp, kisha barua pepe ifuate kama kumbukumbu.

UJUE iwe UJUE kweli

Kipimo ni swali moja: huyu asipoifungua barua hii kabisa, kuna kitu kitaharibika? Jibu likiwa ndiyo, hiyo si UJUE.

Kosa la kawaida ni kazi iliyofichwa. Kichwa kinasema `[UJUE] Faili 0417: lori limevuka Malaba`, aya ya kwanza inaeleza lori, aya ya tatu inasema "pia mtu wa ghala aandae nafasi ya futi 40". Mtu wa ghala alisoma kichwa, akaona hakuna lake, akaendelea na kazi. Hana kosa, mwandishi ndiye aliyemwambia asijali. Zigawe:

```
[UJUE] Faili 0417: lori limevuka Malaba
[FANYA 15 Juni 11:00] Ghala: andaa nafasi futi 40, faili 0417
```

Barua mbili huonekana kazi zaidi kwa mwandishi, na ni kweli ni sekunde 30 zaidi. Kosa la kinyume ni kuweka FANYA kwenye kila kitu ili kisomwe. Hilo hukua polepole. Dalili yake ni barua zenye FANYA ambazo mwisho wake ni "tafadhali soma" au "zingatieni". Kusoma si kazi inayoweza kuthibitishwa kwamba imefanyika. Kama unahitaji uthibitisho, andika kitenzi chake: "jibu NIMESOMA".

Kazi ikiisha, au tarehe ikisogea

Tagi hubaki kwenye kichwa kila mtu anapojibu. Ndiyo sababu siku kumi baada ya ushuru kulipwa bado unaona `Re: [FANYA 12 Juni 16:00]` ikizunguka na maneno "asante sana". Timu isipokubaliana jinsi ya kufunga kazi, orodha ya FANYA hujaa mambo yaliyokwisha na watu huacha kuitazama.

Inavutia kubadili kichwa kuwa `[IMEFANYWA]`. Lakini katika Gmail, kichwa kikibadilika jibu huanzisha mazungumzo mapya, na historia hukatika vipande viwili: ombi huku, risiti kule. Anayetafuta ushahidi wa malipo baadaye atalazimika kukisia. Kwa hiyo kazi ikiisha, kichwa kisiguswe. Mtendaji ajibu barua ileile na neno la kwanza la mwili liwe IMEFANYWA, likifuatwa na ushahidi:

"IMEFANYWA. Ushuru faili 0417 umelipwa leo 15:20, risiti imeambatishwa."

Orodha ya Gmail huonyesha mwanzo wa ujumbe wa karibuni kando ya kichwa, kwa hiyo neno hilo linaonekana bila kufungua barua.

Tarehe ikisogea, fanya kinyume: badili kichwa makusudi. Jibu lenye `Re: [FANYA 12 Juni 16:00]` ambalo ndani yake linasema "tumeongezewa hadi Jumatatu" linaacha tarehe ya uongo mbele ya macho ya kila mtu. Andika barua mpya yenye `[FANYA 15 Juni 16:00]`, na kwenye ile ya zamani jibu mstari mmoja: "IMEHAMIA 15 Juni." Hapa kukatika kwa mazungumzo kunasaidia, kwa maana ahadi ya zamani imekufa.

Kuweka vichujio

Gmail huweka vichujio kwenye kompyuta tu. Programu ya simu haina sehemu hiyo. Fungua `Settings`, kisha `See all settings`, kisha `Filters and Blocked Addresses`, bonyeza `Create a new filter`. Kwenye `Subject` andika fanya, bonyeza `Create filter`, chagua `Apply the label` na utengeneze lebo iitwayo FANYA, bonyeza `Create filter` tena, kisha uipe lebo rangi nyekundu. Rudia kwa ujue, rangi ya kijivu. Lebo zikishawekwa huonekana kwenye simu pia.

Gmail haitambui mabano ya mraba inapotafuta. Ukiandika `[FANYA]` inatafuta fanya, na hii ndiyo sababu neno lenyewe lilipaswa kuwa la kipekee. Outlook iko tofauti. Kule unapitia `Settings`, `Mail`, `Rules`, `Add new rule`, unachagua `Subject includes` na `Categorize`. Hulinganisha mfuatano wa herufi popote ulipo, kwa hiyo fanya peke yake itakamata "kufanya" na "ufanyaji wa kazi". Andika na bano la mwanzo: `[FANYA`. Usiweke bano la kufunga, maana baada ya neno inafuata tarehe.

Kichujio cha UJUE kisiondoe barua kwenye sanduku kuu kwa mwezi wa kwanza. Usiguse `Skip the Inbox`. Wakati huo watu bado wanakosea tagi, na kazi iliyoandikwa UJUE kwa bahati mbaya itazama moja kwa moja. Subirini hadi makosa yapungue.

Na msijaribu kuzitafuta kazi zilizobaki hivi:

```
subject:fanya -imefanywa
```

Inaonekana itafanya kazi, lakini Gmail hupima kila ujumbe peke yake. Ombi la kwanza halina neno "imefanywa" ndani yake, kwa hiyo mazungumzo yataendelea kujitokeza hata baada ya kufungwa. Njia ya uhakika ni ya mkono: mtendaji akijibu IMEFANYWA, anaondoa lebo ya FANYA kwenye mazungumzo hayo. Jibu jipya likiingia lebo inaweza kurudi, basi aiondoe tena. Lebo isipofanyiwa usafi, inapoteza kazi yake. Zilizokwama huonekana kwa:

```
label:fanya older_than:7d
```

Kuifanya timu nzima ifuate

Karatasi moja inatosha: tagi mbili, mpangilio wa kichwa, mtindo wa saa na tarehe, namna ya kufunga. Mifano iwe ya faili zenu halisi. Ibandikwe ukutani, na kila anayeajiriwa apewe siku ya kwanza.

Wanaoandika kwa simu ndio watakaoacha tagi mapema, kwa sababu ya kawaida tu: mabano ya mraba yamefichwa kwenye kurasa ya pili au ya tatu ya kibodi. Wasaidieni. Kwenye kibodi ya Gboard, ndani ya `Personal dictionary`, weka njia ya mkato `fny` iwe `[FANYA `, na `uje` iwe `[UJUE] `. Inachukua dakika mbili kwa kila simu, na huokoa ubishi mwingi.

Kiongozi wa timu asirekebishe tagi za wengine kimyakimya. Mtu akituma bila tagi, mjibu yeye peke yake, si mbele ya wote: "Ndugu, hii ni FANYA au UJUE? Na kwa saa ngapi?" Akijibu, atume tena yeye mwenyewe na kichwa sahihi. Mara tatu za kutuma tena humtosha mtu yeyote. Na kama mkubwa wa ofisi mwenyewe hatumii tagi, wengine wataacha ndani ya wiki, kwa hiyo aanze yeye.

Kila Ijumaa kwa wiki sita, mtu mmoja achukue barua 20 za mwisho za ndani na ahesabu mambo matatu: zisizo na tagi, FANYA zisizo na saa au mtendaji, na UJUE zenye kazi ndani. Hesabu ya tatu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu ndiyo inayoleta hasara. Zikiwa mbili au zaidi kati ya 20, zisomeni pamoja na muandike upya vichwa vyake. Ikifika sifuri wiki mbili mfululizo, mnaweza kuruhusu UJUE iruke sanduku kuu.

Barua za nje ya timu zisiwe na tagi. Mteja wa Kampala akiona `[FANYA 12 Juni 16:00]` anaweza kuichukua kama amri, na afisa wa kampuni ya meli hatajua ni nini. Kabla ya kutuma mbele barua ya ndani kwa mtu wa nje, futa mabano na yaliyomo kwenye kichwa, na umwandikie tarehe ya mwisho kwa adabu ndani ya sentensi ya kwanza. Ya mteja inapoingia, isiyo na tagi, aliyeipokea aitume mbele kwa mtendaji na aweke tagi mwenyewe, huku akifuta `Fwd:` ili nafasi kwenye kioo cha simu ibaki kwa tarehe na cheo.